Aksjdhaksjd: daftari la wiki kutoka Durban

Katika kundi la WhatsApp la familia moja ya Kikongo iliyotawanyika kati ya Bukavu na Durban, binti anayesoma chuo aliandika wiki hii kwamba binamu yake, aliyeapa hatapika tena maisha yake yote, ameunguza chungu cha pili cha sombe. Binamu wa upande wa pili, msichana wa miaka 19, alijibu hivi:

aksjdhaksjd

Mjomba anayeishi karibu na Albert Park, mtu wa kusoma kila ujumbe hadi nukta, aliuliza: “Mama, unasema nini?” Akajibiwa: “Nacheka tu, mujomba.” Mazungumzo yakaendelea, na chungu cha sombe kikasahaulika. Lakini swali la mjomba lina haki yake, kwa sababu zile herufi kumi na moja si za ovyo kama zinavyoonekana.

* * *

Mtu yeyote mwenye simu ya kugusa aangalie mstari wa katikati wa herufi. Kwenye mpangilio wa kawaida wa Kiingereza, unaoitwa QWERTY, mstari huo una herufi tisa: a, s, d, f, g, h, j, k, l. Irabu ni moja tu, a, nayo imesukumwa pembeni kabisa kushoto. Irabu nyingine nne ziko juu. Ndiyo maana kicheko cha aina hii huwa na irabu chache: vidole vikiangukia mahali vinapopumzikia, vinaangukia konsonanti.

Sasa turudi kwenye aksjdhaksjd. Herufi ya kwanza ni ya kushoto, ya pili ya kulia, ya tatu ya kushoto, na hivyo hivyo mpaka mwisho. Kidole gumba cha kushoto kimetoka a kikaenda s, kisha d. Cha kulia kimetoka k kikaenda j, kisha h. Vidole viwili vinatembea kuelekea katikati ya kioo, vinakutana, halafu vinarudi pembeni na kuanza safari upya. Msichana hakuwaza lolote kati ya haya, lakini mikono yake ilifuata mwendo ulio wazi kiasi kwamba mtu anaweza kuusoma.

Anayetumia kompyuta hutoa umbo jingine. Vidole vyake vinane vimelala juu ya mstari ule ule, basi vikishuka kwa pamoja hutoka vitu kama asdfghjkl au asdfjkl, herufi za jirani zikifuatana. Anayeandika kwa vidole gumba viwili huruka huku na huku: skdjfks, gdkshd. Kwa jicho lililozoea, tofauti hiyo inatosha kusema anayecheka yuko mezani au yuko ndani ya teksi.

* * *

Mwanaisimu wa Kanada Gretchen McCulloch, katika kitabu chake Because Internet cha mwaka 2019, alilichukulia jambo hili kwa uzito ambao wengi hawakulipa. Aliwauliza watu mtandaoni kama huwa wanazirekebisha herufi walizoponda ovyo kabla ya kuzituma. Wengi walikiri kwamba ndiyo: kama hazikukaa vizuri machoni, hufuta na kuponda upya, au hubadilisha herufi moja mbili.

Hapo ndipo utamu ulipo. Ujumbe unadai kwamba mwandishi amezidiwa hata hawezi kutaja herufi, kumbe ameuhariri. Si unafiki. Hata anayecheka kwa sauti mbele ya wageni huchagua acheke kwa kiasi gani, na hakuna anayemwita mwongo.

Wapo pia walioponzwa na kibodi zao. Wanaotumia mpangilio wa Dvorak wana mstari wa katikati unaoanza na a, o, e, u, i: irabu zote tano zimejipanga upande wa kushoto. Wakiponda hutoka kitu kinachofanana na neno la lugha isiyojulikana, na wenzao hawacheki.

* * *

Durban ina wasomaji wengi wa Kiswahili waliotoka Kongo, na hapo kuna jambo ambalo vitabu vya Kiingereza havina haja nalo. Aliyesoma Lubumbashi au Goma mara nyingi simu yake imepangwa kwa Kifaransa, yaani AZERTY. Kwenye mpangilio huo a imehamia mstari wa juu, na mstari wa katikati unaanza na q na kuishia na m: q, s, d, f, g, h, j, k, l, m. Vidole vile vile, mwendo ule ule, vitatoa qksjdhqksjd. Irabu hata moja haipo.

Kwa hiyo q ikianza mbele na m ikijitokeza mwishoni, huenda kibodi ni ya Kifaransa. Ndugu wawili wa nyumba moja, mmoja aliyebaki na Kifaransa na mwingine aliyehamia Kiingereza alipoanza shule Durban, wanaweza kucheka utani mmoja kwa maandishi mawili tofauti.

* * *

Mgeni aliyetoka Dar es Salaam au Mombasa ana tabu ya ziada mjini hapa. Anapita kibao cha barabara kilichoandikwa Hluhluwe, anasikia muziki wa gqom uliozaliwa Durban, anasoma habari za mji wa Gqeberha, ambao hadi Februari 2021 ulikuwa Port Elizabeth. Macho yake, yaliyozoea konsonanti kushikana mkono na irabu, yanaona herufi zimepondwa kila mahali.

Hazijapondwa. Kizulu na Kixhosa vimechukua c, q na x kuandika sauti za kualika kwa ulimi, na hl ni sauti moja. Ukiigawa Hluhluwe unapata hlu-hlu-we, silabi tatu, kila moja ikiishia na irabu kama Kiswahili. Shida halisi huja vijana wanapofupisha: unjani linakuwa unjn, ngicela linakuwa ngcela. Hapo hata jicho zuri linaweza kuteleza. Waswahili nao wasijifanye watakatifu, maana cjui na xaxa si za jana.

Kipimo ni chepesi. Rudisha irabu zilizoachwa, kisha tamka. Unjn hufufuka kuwa neno. Ksjdh haifufuki, hata ukiipa irabu zote tano. Ukishindwa kutamka, angalia herufi zinatoka wapi: neno lililofupishwa huchota juu, kati na chini ya kibodi, ilhali kicheko hung’ang’ania mstari wa kati.

* * *

Wazazi wa leo wasiseme wao walikuwa waungwana. Waliokuwa vijana Afrika Kusini miaka ya 2000 walikesha kwenye Mxit, mtandao wa kuchati uliotoka Stellenbosch, ukawika kabla ya WhatsApp na kufungwa mwaka 2016. Hawakuponda herufi kwa sababu simu zao hazikuwaruhusu. Kwenye vitufe vya namba, kitufe kimoja kinabeba herufi tatu au nne, na kukibonyeza mara mbili kunabadilisha a kuwa b. Ukipitisha kidole kuanzia 2 hadi 9, kila kitufe mara moja, utapata adgjmptw kila siku ya Mungu. Kicheko kisichobadilika hakichekeshi. Mlango ulifunguka zilipokuja simu za BlackBerry zenye kibodi kamili, kisha zile za kugusa.

Kwingine dunia imepita njia zake. Waturuki wamefanya kuponda herufi kuwa desturi ya kila siku na wana jina lake, random atmak. Wabrazili huandika hsuahsuahsua, ambayo ilianza kama kuponda na sasa ina mahadhi yake. Waindonesia wana wkwkwk, w ya kushoto na k ya kulia zikipokezana. Durban yenyewe bado inapenda kuchanganya: yho au haibo mbele, herufi zilizopondwa nyuma.

* * *

Basi maandishi haya yanasomwaje? Herufi zenyewe hazisemi kama mtu amefurahi, ameshtuka au ameudhika. Jibu liko kwenye ujumbe uliotangulia. Chini ya utani ni kicheko. Chini ya habari kwamba fulani amepata ufadhili au tiketi ya tamasha ni shangwe, na hapo mara nyingi herufi hupanda kuwa kubwa: AKSJDHAKSJD. Chini ya picha ya mtu anayempenda kimyakimya ni haya. Chini ya “mhadhiri amewahisha siku ya kukusanya kazi” ni kilio cha kuchoka.

Tazama pia kilichoandikwa pembeni yake. Herufi zikifuata maneno kamili, kama “jamani nimekufa skdjfks”, maneno yametoa maana na herufi zimeongeza sauti. Zikiwa peke yake, zinachukua nafasi ya jibu zima, na anayezituma anaamini mnaelewana. Ndiyo maana huzioni zikitumwa kwa mwenye nyumba au kwa mhadhiri.

Mfuko wa suruali nao huandika, na mtoto wa miaka miwili pia. Wao hawajui adabu ya mstari wa kati. Huleta namba, nafasi, nukta na herufi moja iliyoshikiliwa: “ppppp0.., ll  9”. Simu zinazotabiri maneno huongeza hata neno kamili lisilohusiana na lolote. Kuna mtego mmoja tu: kibodi ya simu hujifunza. Aliyecheka mara nyingi kwa sksksk atapendekezewa sksksk, naye ataichagua kwa mguso mmoja. Basi ukiona kicheko cha mtu ni kile kile herufi kwa herufi kila mara, hakimwagiki tena. Ni neno lake sasa, kama hahaha.

Wapo ambao mchezo huu unawaacha nje. Asiyeona anayetumia VoiceOver au TalkBack husomewa ujumbe kwa sauti. Mashine ikifika kwenye aksjdhaksjd, hujaribu kuitamka kama neno au huitaja herufi moja moja. Herufi kumi na moja zinavumilika. Mistari mitatu ni adhabu, na kundi lenye mtu wa namna hiyo lingefanya vyema kuongeza “nacheka” mwishoni.

* * *

Mzazi, mjomba au shangazi anayepokea maandishi haya hana haja ya kuyaiga. Vijana hutambua mara moja kuponda kwa kujilazimisha, hasa kukianza kwa qwerty. Hahaha ya kawaida inatosha kumjibu aliyecheka, na hongera inatosha kumjibu aliyeshangilia. Lakini yakitua chini ya habari ya ugonjwa, ajali au msiba, au yakitoka kwa mtu ambaye hana kawaida hiyo, usikisie. Mpigie simu.