Gati Tupu Si Uzembe Siku Zote

Kila meli zinapojazana nje ya bandari ya Dar es Salaam, huja lawama ileile: mbona zimetia nanga huko nje na juzi tu gati lilikuwa tupu? Wanaolaumu wana haki ya kuuliza. Ila wengi wanashika hesabu moja na kuiacha ya pili, na wakubwa wa bandari nao hufanya vivyo hivyo, kila mmoja akichagua inayomfaa.

Tuchukue magati mawili yanayofanana, na kanuni kwamba aliyetangulia kufika hutangulia kuhudumiwa. Tuhesabu saa mfululizo kuanzia sifuri, magati yote yakiwa wazi. Meli ya kwanza inafika saa ya 0 ikiwa na kazi ya saa 30, inaingia gati A. Ya pili inafika saa ya 4, kazi saa 20, inaingia gati B, ambalo hadi hapo limekaa bure saa 4. Ya tatu inafika saa ya 10 na kukuta kote kumejaa. Gati la kwanza kuachwa ni B, saa ya 24, kwa hiyo meli hiyo imesubiri saa 14. Kazi yake ni ya saa 40, itatoka saa ya 64. Ya nne inafika saa ya 18, inasubiri gati A hadi saa ya 30, yaani saa 12. Kazi yake ya saa 12 inaisha saa ya 42.

Kisha bahari inakuwa shwari. Hakuna meli hadi saa ya 50, na gati A linakaa bure saa 8. Meli ya tano inaingia hapo bila kusubiri, kazi saa 24, inaondoka saa ya 74. Ya sita, yenye kazi ya saa 6 tu, inafika saa ya 52 na kusubiri saa 12 hadi B liachwe. Inamaliza saa ya 70, na B linabaki tupu saa 4 za mwisho.

Jumla, meli zimesubiri saa 38 na magati yamekaa bure saa 16. Anayetaka kuhakiki azidishe 74 kwa magati mawili apate 148, atoe saa 132 za kazi, zinabaki 16. Foleni na gati tupu vimekuwapo ndani ya siku tatu zilezile, na hakuna aliyelala kazini. Meli hazikufika kwa nafasi sawa, basi.

Sasa tuongeze bidii. Vibarua na kreni wamalize meli ya pili kwa saa 14 badala ya 20. Meli ya tatu itasubiri saa 8, ya sita saa 6, na jumla ya kusubiri itashuka kutoka 38 hadi 26. Saa 6 zilizookolewa kwenye meli moja zimepunguza foleni kwa saa 12. Lakini magati sasa yamekaa bure saa 22, si 16! Meneja anayepimwa kwa gati kutokaa tupu ataonekana ameharibu.

Ndiyo maana hatuvutiwi na taarifa zinazojisifu kwamba magati yanafanya kazi kwa asilimia 90. Katika mfano wetu wa kwanza yalifanya kazi kwa asilimia 89, na nusu ya meli zilisubiri. Mwongozo wa UNCTAD wa mwaka 1985 kwa wapangaji wa bandari uliweka kikomo cha asilimia 50 kwa magati mawili ya shehena ya kawaida, kwa sababu hiyohiyo.

Uzembe upo, na una pa kutafutwa: gati linapokaa tupu huku meli ikiwa tayari nje. Katika mfano wetu saa za namna hiyo ni sifuri, kwa kuwa tulidhani meli huingia dakika ileile nyingine inapotoka. Bandarini sivyo. Kuna kumsubiri rubani, kusubiri maji yajae, kusubiri karatasi. Maji hayalaumiwi, karatasi zinalaumiwa.

Kwa hiyo tunaitaka mamlaka itangaze nyakati tatu kwa kila meli: ilipojulisha kwamba iko tayari, kamba ya kwanza ilipofungwa na ya mwisho ilipofunguliwa. Na saa ambazo gati lilikaa tupu zigawanywe mafungu mawili, zile ambazo hapakuwa na meli inayosubiri na zile ambazo ilikuwapo. Kwa hili fungu la pili, kila saa iandikwe na sababu yake.