Panga tisa ukutani si habari za mwenzio

Jamani, leo tuseme wazi. Kwenye simu za wenzetu hapa Pemba karata moja inazunguka sana: mtu amekaa kitandani usiku, amefunika uso kwa mikono, na ukutani nyuma yake panga tisa zimelala moja juu ya nyingine. Ni Tisa ya Panga, karata ya taroti. Dada anatuma swali, "mpenzi wangu kimya, kuna nini?", anayesoma karata anatandaza tatu: wewe, yeye, na kilicho kati yenu. Ikitoka ile ya panga, dada hapati usingizi tena. Sisi tunapinga namna inavyosomwa, na tunataka kueleza kwa nini.

Kwanza tuijue yenyewe. Picha hiyo ilichorwa na Pamela Colman Smith, na karata zilichapishwa London mwaka 1909. Itazame polepole. Panga ziko ukutani, hakuna hata moja iliyomchoma. Blanketi lina maua ya waridi na alama za nyota. Chumbani hamna mtu mwingine, hamna barua, hamna mgeni aliyeleta habari. Anayeonekana ni mtu asiyelala, basi. Hata wapenzi wa taroti wenyewe wanakubali kwamba hii ni karata ya mawazo ya usiku. Sasa tujiulize: ikiwa karata inaonyesha aliye macho, imekuwaje itumike kutoa taarifa za aliyenyamaza? Dada analipa pesa aambiwe kwamba halali. Hilo alikuwa analijua kabla hajalipa.

Na sisi watu wa Palma, Mocimboa na visiwani tuna neno la ziada. Kwa wengine panga ni mchoro. Kwetu ni kitu kilichotukimbiza nyumbani. Kumtumia msichana wa pwani hii picha ya panga tisa saa saba za usiku, halafu kumwambia "naona maumivu makubwa kwake", ni ukatili, hata kama aliyetuma yuko mbali na hajui.

Tueleze kisa kimoja, mwenyewe ameturuhusu ila jina hatuliweki. Mwenzetu alikuwa na mchumba. Yule kaka alipanda dau kwenda kaskazini kununua samaki wakavu, mtaji metikali 6,000, pesa ya dada mwenyewe aliyoipata kwa kuuza badia. Siku ya kwanza alipiga simu kutoka njiani. Baada ya hapo kimya, siku 19. Dada akamtafuta mpiga karata mmoja mtandaoni, akamtumia metikali 300 kwa simu. Zikatandazwa tatu, na Tisa ya Panga ikaangukia nafasi ya pili, ya "yeye". Akaambiwa: "Mdogo wangu, huyu ana hatia moyoni. Kuna mwanamke. Tuma 1,500 nikufungulie njia." Alitujia asubuhi macho mekundu, anataka kukopa hizo 1,500.

Hatukumkopesha. Tulimpa karatasi na kalamu, tukamwambia: "Dada, panga zako ziandike moja moja." Akaandika: dau limezama. Mashababi wamemkamata. Askari wamemkamata. Anaumwa. Simu imeibwa. Ana mwanamke. Mama yake amemkataza. Amekasirika kwa ajili ya pesa. Amekufa. Zilikuwa tisa kweli, wala hatukumwelekeza.

Halafu tukazipanga upya. Ipi inaweza kuulizwa leo, ipi inahitaji siku kadhaa, na ipi haina wa kuulizwa? Ya dau ilikuwa ya leo. Tulishuka ufukweni Paquitequete, tukamuuliza nahodha anayejuana na mwenye dau. Alijibu bila kufikiri: dau lilifika, na limekwisha kurudi mara moja na mzigo. Upanga mmoja ukashuka, na gharama yake ilikuwa nauli tu.

Ya simu nayo ilikuwa ya leo. Ujumbe wa Wasapu ulikuwa na tiki moja tangu siku ya pili. Wengi wanadhani tiki moja maana yake umefungiwa. Inaweza kuwa hivyo, lakini pia inaweza kuwa simu imezimwa, haina chaji, haina bando, au iko mahali pasipo mtandao. Kutofautisha, piga simu ya kawaida. Aliyekufungia Wasapu peke yake, simu ya kawaida bado itaita. Ya kaka huyu haikuita kabisa, sauti ilisema haipatikani. Tukajaribu kwa laini ya mtu mwingine, asubuhi na usiku, jibu lile lile. Hapo tukajua kwamba simu yenyewe haipo hewani. Hatukujua kwa nini, lakini tuliacha kusema "ananiona online ananinyamazia".

Tukumbushane pia kwamba pwani hii kimya kina historia. Kimbunga Kenneti kilipopiga tarehe 25 Aprili 2019, visiwani watu hawakupatikana kwa simu. Palma iliposhambuliwa tarehe 24 Machi 2021, mawasiliano yalikatika, na huku Pemba tulikuwa tunapiga namba zisizoita. Msoma karata aliye mji mwingine, mwenye mtandao saa 24, hana picha hiyo kichwani. Kwake mtu asiyejibu siku tatu ana mwanamke. Kwetu mtu asiyejibu siku tatu huenda hana mahali pa kuchajia.

Upanga wa askari na wa Mashababi ulihitaji uangalifu, na hapa tunawaomba vijana wasome mara mbili. Usiweke jina na picha ya kijana kwenye magrupu ukiandika "ametoweka". Kwetu kijana wa kiume asiyejulikana alipo hushukiwa upesi. Unaweza kumtafuta ukamharibia. Tuliuliza mtu mmoja mmoja, ana kwa ana: wenye madau, wanunuzi wa samaki, shangazi yake aliyeko Palma.

Siku ya nne baada ya karatasi ile, mama mmoja muuza samaki aliyerudi alisema amemwona. Mzima. Mvua zilinyesha siku mfululizo, samaki hawakukauka, waliingia funza, mtaji wote ukaenda. Simu aliuza apate chakula. Alipoulizwa kwa nini hakuazima simu ya mtu, alijibu: "Ningempigia nimwambie nini?"

Sasa sikilizeni. Mpiga karata alipopata habari aliandika: "Nilisema ana hatia, si mmeona?" Na baadhi yetu walianza kutikisa kichwa. Hapa ndipo tunapogombana nao. Angekutwa na mwanamke, karata ingekuwa kweli. Angekuwa mgonjwa, ingekuwa kweli. Angekuwa amezama, ingekuwa kweli zaidi. Arthur Waite, aliyesimamia kuchorwa kwa karata hizi na kuandika kitabu cha maana zake, kwenye karata hii aliweka kifo, ucheleweshaji na udanganyifu pamoja, na ikitoka kichwa chini akaweka aibu na shaka. Kitu kinachokubali kila jibu hakijakuambia jibu lolote. Nahodha wa Paquitequete alisema jambo moja ambalo lingeweza kuwa uongo: dau lilifika. Ndiyo maana neno lake lilikuwa na thamani.

Na msidanganywe kwamba "karata imenichagua". Taroti ina karata 78. Ukitandaza tatu, nafasi ya Tisa ya Panga kuwa mojawapo ni 3 kwa 78, yaani 1 kwa 26. Wakiuliza dada 26 kwa usiku mmoja, kwa wastani mmoja wao ataletewa. Na kwa kuwa hakuna anayeuliza habari za mpenzi aliyenyamaza akiwa ametulia, atakayeletewa ataona picha yake mwenyewe. Wanaocheza sueka barazani wanajua kwamba mchezo ule unatumia karata 40 tu, za nane, tisa na kumi huwekwa kando. Tisa ya espada ikikaa kando ya mkeka hakuna anayelia.

Tuna neno na wafanyakazi wa mashirika pia. Msijione mko salama kwenye hoja hii. Dada akitaja karata kwenye kikao chenu, mara nyingi mnatabasamu mnaandika "imani za kishirikina" mnaendelea. Lakini amewaambia mambo mawili makubwa: halali, na kuna mtu amempoteza. La kwanza muulizeni ni usiku wa ngapi. La pili, muwe na jibu. Tumekutana na mfanyakazi ambaye hakujua kabisa pa kumpeleka mtu anayetafuta ndugu. Kwa hiyo dada akaenda kwa aliyejibu, mwenye karata.

Jibu lipo. Msalaba Mwekundu wa Msumbiji, pamoja na Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu, wana kazi ya kutafuta ndugu waliopotezana kwa vita au maafa, na ni bure. Uende na jina kamili la unayemtafuta, jina la utani, majina ya baba na mama, alipozaliwa na lini, na mahali na siku alipoonekana mara ya mwisho. Mjue pia mipaka yake. Inaweza kuchukua miezi mingi, na wengine hawapatikani. Na akipatikana mtu mzima, hawakupi anuani yake bila yeye kukubali. Hilo linauma, lakini ni haki, kwa sababu wapo wanaojificha kwa sababu.

Mwenzetu na mchumba wake wamefikia wapi, hilo ni lao. Sisi tunasema kuhusu karatasi. Mwisho wa siku ile ya nne panga saba zilikuwa zimeshuka. Ya mama mkwe haikujulikana. Ya pesa ilikuwa kweli, ila kinyume: hakukasirika, aliona haya.

Kati yetu wapo ambao kimya chao kilianza Machi 2021 na hakijaisha. Wameuliza kila nahodha, wamejaza fomu, wanasubiri. Kwao baadhi ya panga hazina wa kuulizwa, na hatutawadanganya kwamba karatasi na kalamu vitazishusha. Tunachoweza ni kukaa nao usiku. Lakini mtu yeyote akiwatumia karata ile na namba ya kulipia, mjibuni kwa niaba yetu: picha tumeiona, ni yetu, na habari za huyo mtu huna.