Raba za Binti Achezaye Ukumbini

Wazazi wengi, wakiambiwa binti yao amechaguliwa kucheza netiboli au voliboli ukumbini, hwenda Kongowea wakamnunulia raba za kukimbilia, wakidhani raba ni raba.

Raba ya kukimbilia imeundwa kwa ajili ya mtu aendaye mbele tu, na kisigino chake huwa kirefu na laini. Mchezaji wa netiboli hali yake ni nyingine. Akidaka mpira hewani, mguu aliotua nao kwanza, akishauinua, hauruhusiwi kugusa chini tena kabla hajautoa mpira, naye ana sekunde 3 tu za kuutoa. Basi hulazimika kusimama ghafula, aghalabu kwa upande. Juu ya kisigino kirefu raba hupinduka, na kifundo cha mguu huifuata. Raba ya ukumbini huwa ya chini na pana, na ukingo wa soli hupanda kidogo ubavuni.

Soli yake ni ya mpira laini, na adui wa mpira huo ni vumbi. Binti akizivaa tangu nyumbani akapita mchangani, akifika kwenye sakafu ya mbao atateleza kama aliyekanyaga unga. Azibebe mfukoni, azivae mlangoni mwa ukumbi. Zikipoteza mshiko, azipanguse soli kwa kitambaa chenye unyevu, kisha azikaushe kabisa. Lakini mshiko uliopita kiasi nao una hatari: mguu ukinata ilhali mwili unageuka, goti ndilo liumialo.

Katika voliboli jambo kubwa ni kuruka. Tumchukue binti wa kilo 50 arukaye mara 60 katika zoezi moja, kupiga na kuzuia. Kila atuapo, miguu yake hupokea mzigo ulio mara kadhaa ya kilo hizo, na mara nyingi sehemu ya mbele ya wayo ndiyo itanguliayo kugusa sakafu. Kwa hiyo anahitaji sponji nzuri mbele, si kisiginoni pekee.

Sponji hufa kabla ya soli, na hapo ndipo mitumba huwahadaa wanunuzi: soli nzima, sponji mfu. Ibonyezeni ubavuni kwa kidole gumba. Ikiwa ngumu kama ubao, au ina makunyanzi yasiyofutika, iacheni. Iwekeni mezani muitazame kwa nyuma. Ikiwa imeinamia upande mmoja, mwachieni muuzaji.

Kwa raba ambazo binti anazo tayari, msikilizeni yeye. Akilalamika maumivu mbele ya goti, chini kidogo ya kifuniko chake, baada ya mazoezi ambayo zamani hayakumuumiza, kagueni sponji kwanza. Kipande cha kutia ndani huupunguzia unyayo ugumu, ila hakifufui sponji iliyokufa. Maumivu yakiendelea hata kwa raba mpya, apunguze kuruka na aonwe na daktari.