Kasongo na Kabambare: wapiga picha waache kuosha nyuso za watu

Katika mji wa Kasongo, sawa na katika sente za Kabambare na kule Salamabila kwenye machimbo, kuna desturi moja inayoharibu picha za watu, na wengi wanaihesabu kuwa ufundi. Mama anapigwa picha, kisha mpiga picha anafungua telefone, anagusa mara mbili, na weusi wote chini ya macho unapotea. Mikunjo nayo inapotea, na alama ya zamani kwenye shavu inakwenda pamoja nayo. Mama anapewa karatasi yenye uso laini kama yai, na anauliza: «Mwanangu, huyu ni nani?»

Wengine watasema hilo ni jambo dogo. Si dogo. Karte nyingi za uchaguzi zilizotolewa mwaka 2023 zilifutika haraka, hata sura ya mwenyewe ikabaki kivuli. Kwa familia nyingi, picha ya studio ndiyo picha moja tu nzuri iliyoko nyumbani. Siku ya kilio ndiyo inayowekwa mbele ya watu, na wajukuu watamjua bibi yao kwa hiyo. Fundi akiosha uso huo, ameondoa kitu ambacho hakuna atakayeweza kukirudisha.

Wako pia wanaoshika upande wa pili: picha isiguswe kabisa, maana kugusa ni kusema uongo. Hao nao wamekosea, na kosa lao linaanzia juani. Kasongo iko karibu digri nne na nusu kusini ya ikweta. Mwanzoni mwa mwezi wa tatu, na tena mwanzoni mwa mwezi wa kumi, jua la katikati ya mchana linasimama juu ya kichwa kabisa. Miezi mingine nayo haliko mbali sana. Mwanga wa namna hiyo unapiga paji la uso na mfupa wa nyusi, na nyusi zinamwaga kivuli ndani ya shimo la macho. Mtu aliyelala vizuri anatoka kama ametoka hospitalini. Ukizungumza naye uso kwa uso hauoni weusi huo kwa nguvu, kwa sababu jicho la mtu linazoea kivuli na uso wenyewe unatikisika. Kamera inakamata nukta moja na kuishikilia. Basi picha isiyoguswa nayo inaweza kudanganya.

Kazi ya kwanza, kwa hiyo, si ya telefone. Mpiga picha amtoe mtu juani, amsimamishe ndani ya mlango au chini ya baraza, uso ukitazama nje kwenye mwanga. Kitambaa cheupe kikishikwa chini ya kifua, kikiinamia uso kidogo, kitarudisha mwanga kwenye macho kutoka chini. Halafu amwambie mtu ainue kidevu kidogo. Hapo hapo fundi anajua anashughulika na nini. Weusi ukiondoka kichwa kinapoinuka, ulikuwa kivuli tu. Ukibaki palepale, ni rangi ya ngozi yenyewe, na mara nyingi mtu ameirithi kwa mzazi wake. Rangi hiyo ni ya kwake. Inaweza kupunguzwa kidogo, lakini haifutwi.

Chukua mfano wa mwalimu mzee anayetaka picha ya kutundika sebuleni. Ana mifuko midogo chini ya macho, mikunjo miwili pembeni ya jicho, na usiku uliopita alisahihisha madaftari hadi kuchelewa. Kwenye kompyuta yenye GIMP, programu ya bure, fundi anafungua picha na kuchagua `Layer`, kisha `Duplicate Layer`. Sasa kuna picha mbili, moja juu ya nyingine, na kazi yote inafanyika juu. Anachukua `Clone`, anachagua brashi yenye ukingo laini, isiyo pana kuliko eneo lenye weusi. Anashika `Ctrl` na kubonyeza shavuni, chini kidogo tu ya weusi, kisha anapaka juu ya weusi. Asichukue ngozi ya mbali, kwa mfano ya paji la uso, maana pale vinyweleo vina umbo lingine na mwanga si uleule.

Kwa wakati huu picha inatisha. Mwalimu hana mifuko tena, amekuwa sanamu. Mafundi wengi wanasimama hapa na kuchapisha. Kumbe kazi yenyewe inaanza sasa: fundi ashushe `Opacity` ya layer ya juu hadi karibu 40. Hesabu yake ni nyepesi. Ikiwa shavu lina mwanga wa 110 kwenye kipimo cha 0 hadi 255, na weusi una 70, tofauti ni 40. Asilimia 40 ya hiyo ni 16, kwa hiyo weusi unapanda hadi 86. Kivuli bado kipo, mfuko bado una umbo, mikunjo bado inasomeka. Kilichoondoka ni uchovu wa usiku mmoja.

Kwa telefone, Snapseed inatosha. Lakini fundi asitumie `Healing` kwa kazi hii, kwa sababu ndani yake hakuna kipimo cha nguvu: inafuta yote. Bora `Brush`, achague `Dodge & Burn` kwa 5, apake mara moja, asimame, aangalie.

Na hapa kuna kosa ambalo linaonekana sana kwenye ngozi nyeusi. Weusi wa chini ya macho mara nyingi una rangi ya buluu au zambarau ndani yake. Ukiongeza mwanga peke yake, pale panatoka rangi ya jivu, kana kwamba mtu amepakwa unga. Dawa ni kuongeza joto la rangi, si mwanga zaidi: `Temperature` kwa 5 katika `Brush` hiyohiyo. Anayeona jivu na kuendelea kuongeza mwanga anaharibu zaidi, na mwisho wake anamgeuza mtu mweupe bila kuombwa.

Namna ya kujua kwamba kazi imezidi: fundi azime layer ya juu na kuiwasha tena, akiwa amesogeza picha hadi ukubwa wa karatasi, si akiwa ameivuta mpaka aone vinyweleo. Kama macho yake yanarukia moja kwa moja pale chini ya jicho, imezidi. Kama anaona tu kwamba mtu amepumzika bila kujua kilichobadilika, inatosha. Achapishe kwanza karatasi moja ndogo, kwa sababu karatasi mara nyingi inatoka nyeusi kuliko kioo cha telefone.

Picha ya paspoti haihusiki na haya yote. Pale hairuhusiwi kugusa uso hata kidogo, na mteja aambiwe hivyo kabla ya kulipa. Kwake kitambaa cheupe na kivuli cha mlango ndiyo dawa pekee.

Jambo baya zaidi ni kwamba telefone nyingi zinakuja na `Beauty` imeshawashwa ndani ya kamera. Fundi anafikiri hajagusa kitu, kumbe uso umeoshwa kabla hajauona, na hakuna picha ya asili ya kurudia. Studio yoyote ya Kasongo au Kabambare inaweza kuizima leo hii, kabla mteja wa kwanza hajakaa kwenye kiti.