Ubeti Mpya Mwishoni mwa Wimbo wa Kale: Mizani Peke Yake Haitoshi

Tarehe 7 Mei 2025, Makardinali walipoingia katika Kikanisa cha Sistina ili kumchagua Khalifa wa Mtakatifu Petro, waliimba utenzi wa Kilatini uitwao Veni Creator Spiritus. Ndio utenzi ambao Mama Kanisa huuimba wakati wa Pentekoste, katika Daraja Takatifu, na kila anapohitaji kumwomba Roho Mtakatifu kwa namna ya pekee. Una zaidi ya miaka elfu moja, na kwa desturi hutajwa kuwa ni kazi ya Rabano Mauro, mmonaki na Askofu wa karne ya 9.

Tunautaja hapa kwa sababu unagusa jambo linaloonekana sasa katika parokia zetu nyingi. Wamisionari wa Shirika la Roho Mtakatifu walifika Bagamoyo mwaka 1868, na kutoka hapo mbegu ya imani ilisambaa kuelekea bara. Kwa hiyo parokia nyingi zimekwisha kuadhimisha miaka mia moja, au zinakaribia kuiadhimisha. Yubilei ya mwaka 2025 nayo imeongeza ari ya maadhimisho hayo. Kwaya huchukua wimbo wa zamani unaopendwa, na mwalimu wa kwaya huutungia ubeti mmoja wa mwisho unaohusu sherehe ya siku hiyo. Jambo hilo si geni katika Kanisa, wala si baya kwa lenyewe. Lakini lina kanuni zake, na utenzi huo wa Roho Mtakatifu unatufundisha kanuni hizo vizuri kuliko mwingine wowote.

Utenzi huo una beti sita. Kila ubeti una mishororo minne, na kila mshororo una mizani nane. Ndicho kipimo alichokitumia Mtakatifu Ambrosi, Askofu wa Milano, katika karne ya 4. Msomaji wa ushairi wa Kiswahili atakitambua mara moja, kwa maana tenzi zetu nazo hujengwa kwa mishororo minne yenye mizani nane. Katika beti zote sita mwimbaji anasema na Roho Mtakatifu ana kwa ana. Anamwomba aje, anamtaja kwa majina yake, anamwomba mwanga wa akili, upendo wa moyo na nguvu ya mwili, kisha amfukuze adui na kuleta amani. Ubeti wa sita unafunga yote: kwa njia ya Roho huyo tumjue Baba, tumtambue Mwana, na tumsadiki Yeye aliye Roho wa wote wawili.

Baadaye uliongezwa ubeti wa saba. Ulikuwa doksolojia, yaani sifa kwa Utatu Mtakatifu, na ulikuwa na sura zaidi ya moja. Ule uliozoeleka zaidi unamtukuza Baba, na Mwana aliyefufuka katika wafu, na Roho Mfariji, milele na milele. Mizani yake ni nane barabara, maneno yake ni ya kale na matakatifu, na mafundisho yake hayana kasoro. Hata hivyo, vitabu vya Liturujia ya Vipindi vilivyotolewa mwaka 1971, baada ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano, vinauhitimisha utenzi huu kwenye ubeti wa sita. Je, ubeti wa saba ulipungukiwa na nini?

Tukiusoma kwa makini tunaona mambo mawili. La kwanza, unarudia kazi iliyokwisha kufanywa. Ubeti wa sita umekwisha kuwataja Baba, Mwana na Roho Mtakatifu, tena umewataja katika sala. Anayeongeza sifa ya Utatu baada ya hapo ni kama mtu anayefunga mlango uliokwisha kufungwa. La pili ni zito zaidi. Katika beti sita Roho Mtakatifu anaitwa "Wewe". Katika ubeti wa saba anatajwa kuwa ni "Yeye", mmoja kati ya Nafsi tatu zinazosifiwa, na hakuna tena anayesemeshwa. Mwimbaji aliyekuwa akizungumza na Mgeni wake ghafla anageuka na kumzungumzia mbele ya wengine.

Chanzo cha hali hiyo kinaeleweka. Tenzi nyingi za Kanisa zina kipimo kilekile cha mishororo minne ya mizani nane, na hivyo doksolojia moja iliweza kupachikwa mwishoni mwa tenzi nyingi. Katika kipindi cha Noeli ilitumika ile inayomtaja Mwana aliyezaliwa na Bikira, na katika kipindi cha Pasaka ile inayomtaja aliyefufuka. Utaratibu huo ulisaidia kuonesha majira ya mwaka wa Kanisa. Lakini ubeti unaoweza kuhamishwa kutoka wimbo hadi wimbo hauna mizizi katika wimbo wowote. Kipimo kinalingana, ila mazungumzo hayalingani.

Sasa tuilete kanuni hiyo nyumbani. Tuchukue mfano wa parokia inayotimiza miaka mia moja, yenye wimbo wa zamani wa kumwomba Roho Mtakatifu, wa mizani nane kwa kila mshororo na usio na vina vya lazima. Mtunzi wa ubeti mpya anaweza kuanza hivi:

Parokia yetu leo
Imetimiza miaka
Mia moja ya huduma
Na maendeleo mengi.

Ukihesabu, kila mshororo una mizani nane, na mhesabuji ataridhika. Lakini ubeti huu umeuacha wimbo. Roho Mtakatifu, aliyesemeshwa tangu mwanzo, hayumo. Maneno kama "huduma" na "maendeleo mengi" ni maneno ya risala inayosomwa mbele ya mgeni rasmi. Hayatoki katika sala. Tena ubeti unatoa taarifa mahali ambapo wimbo ulikuwa ukiomba. Na mwaka unaofuata hautaimbika, kwa sababu "leo" yake itakuwa imepita.

Dawa yake ni kurudi katika beti za zamani kabla ya kushika kalamu na kuuliza maswali matatu: nani anasema, anamwambia nani, na anaomba nini? Kisha yaorodheshwe maneno na picha zilizomo, ili ubeti mpya uchote humo. Tuseme wimbo wetu wa mfano una maombi ya kujazwa nguvu, na una picha ya mbegu na shamba. Ubeti wa mwisho waweza kuwa huu:

Uliyewajaza nguvu
Wazee waliopanda,
Tujaze nasi watoto
Tudumu hadi mavuno.

Mizani ni nane vilevile, lakini sasa Roho Mtakatifu anasemeshwa tangu neno la kwanza. Miaka mia moja imo bila kutajwa kwa tarakimu, kwa sababu inasikika katika safari ya kutoka wazee hadi watoto. Neno "mavuno" linafunga wimbo mahali pake, kwa kuwa katika Injili ya Mathayo Bwana mwenyewe anayaeleza mavuno kuwa ni mwisho wa dunia. Ubeti huu waweza kuimbwa siku ya yubilei na pia miaka hamsini baadaye, katika Kipaimara au katika Pentekoste.

Kuhusu mizani yenyewe, kuna mitego miwili ambayo huonekana siku ya mazoezi. Mtego wa kwanza ni herufi "m" inayosimama peke yake. Neno "mtume" lina mizani tatu, na "Mtakatifu" lina tano, lakini katika kuimba haraka "m" hiyo humezwa. Neno "Mwana" nalo lina mizani mbili tu. Mtunzi aangalie jinsi mtunzi wa kwanza alivyohesabu katika beti zake, naye amfuate huyo, hata kama yeye mwenyewe angependa kuhesabu kwa namna nyingine.

Mtego wa pili ni mkazo. Karibu maneno yote ya Kiswahili huwekewa mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho: ba-RA-ka, u-PE-ndo. Nyimbo nyingi tulizozipokea kutoka Ulaya zina tuni ambazo noti nzito ya mwisho huangukia silabi ya mwisho kabisa ya mshororo. Matokeo yake waamini wanaimba "bara-KA", na neno linapoteza sura yake. Katika ubeti wa mfano, kila mshororo una mkazo kwenye mizani ya saba: NGU-vu, PA-nda, TO-to, VU-no. Utafaa kwa tuni inayotua kwa upole kwenye mizani ya nane, na utasumbua pale tuni inapoipiga mizani hiyo kwa nguvu. Njia ya kutambua ni rahisi. Ubeti mpya usomwe kwa sauti kwa kufuata mapigo ya wimbo, bila kuimba. Neno lolote litakalosikika kama la mgeni anayejifunza Kiswahili libadilishwe.

Kuna pia swali la ruhusa. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika Hati ya Sacrosanctum Concilium namba 22, unaagiza kwamba mtu yeyote, hata kama ni padre, asiongeze, asipunguze wala asibadilishe chochote katika Liturujia kwa mamlaka yake mwenyewe. Namba 121 ya Hati hiyohiyo inadai kwamba maneno ya nyimbo takatifu yapatane na mafundisho ya Kanisa Katoliki, na yachotwe hasa katika Maandiko Matakatifu na katika vyanzo vya Liturujia. Kwa hiyo ubeti mpya hupitia kwa Paroko na tume ya Liturujia ya Jimbo hadi kwa Baba Askofu kabla ya kuingia katika Misa. Na ikiwa mtunzi wa wimbo bado yu hai, au warithi wake wana haki juu ya kazi hiyo, wao nao huombwa idhini.

Jambo la mwisho ni la uandishi. Ubeti ulioongezwa uchapwe pamoja na alama na mwaka wa kutungwa kwake. Bila alama hiyo, baada ya kizazi kimoja hakuna atakayejua ni maneno gani waliyoyaimba babu zetu na ni yapi tuliyoyaongeza sisi. Ubeti wa saba wa utenzi wa Roho Mtakatifu uliweza kuwekwa kando kwa sababu maandiko ya kale yalibaki, na watu wakaweza kulinganisha. Wimbo wa parokia mara nyingi hauna hazina ya namna hiyo, kwani waweza kuwa umehifadhiwa katika daftari moja tu la kwaya na katika kumbukumbu za wazee wachache. Hao wazee waulizwe kwanza wimbo wao ulikuwa na beti ngapi, na ubeti wa mwisho ulisema nini. Huenda, kama utenzi ule, tayari una mwisho wake.