Jina moja, fishi tatu: tusiiachie kompyuta iamue peke yake

Hapa Kisangani tumezoea: mtu anaitwa Yusufu msikitini, lakini kadi yake ya uchaguzi inasema Youssouf. Akipata shida ofisini, analeta karatasi nyingine au mashahidi. Mkimbizi aliyevuka mto mikono mitupu hana nafasi hiyo. Jina ambalo karani aliandika siku ya kwanza ndilo karatasi yake.

Tuangalie Ndu, kule Bas-Uele, jimbo lililokuwa pamoja nasi katika Province Orientale hadi 2015. Mwezi wa tano 2017, mapigano ya Bangassou yalivusha maelfu ya watu mto Mbomu. Januari 2021 wakavuka wengine.

Tuchukue mfano wa mama anayetaja jina lake kwa Kiarabu. Mkalimani analirudia kwa Kilingala, na karani analiandika kwa mtindo wa Kifaransa. Sauti ya kwanza ya jina lile haipo katika Kilingala wala Kifaransa, kwa hiyo karani mmoja anaweka K, mwingine H. Baada ya miezi, mama huyo ana fishi tatu: Khadija, Hadija na Kadidja.

Kompyuta inasaidia, lakini kwa kiasi. Njia ya zamani iitwayo Soundex, iliyosajiliwa Marekani mwaka 1918, inaacha herufi ya kwanza kama ilivyo na kugeuza konsonanti zinazofuata kuwa namba. Khadija inakuwa K320, Hadija H320, Kadidja K332. Kwa mashine, hao ni wanawake watatu. Upande wa pili, Youssouf na Yusufu wote ni Y210, vizuri. Lakini Yakubu pia ni Y210!

Wengine watasema alama za vidole zinatosha. HCR inazichukua, na zinaonyesha kama mtu mmoja ameandikishwa mara mbili. Lakini kidole cha mtoto aliyepotea hakimtaji mama yake. Mtoto akisema “mama ni Hadija” na mama yuko chini ya Kadidja, wanaweza kukaa kambi moja bila fishi zao kukutana. Na fishi za watu wawili zikiunganishwa kwa kosa, mmoja anafutika, na chakula chake pia.

Ndiyo maana ninapinga tabia ya “kusahihisha” jina na kufuta lile la zamani. Maandishi yote yabaki, pamoja na lugha ya mkalimani, majina ya baba, mama na ndugu, na mtaa walioukimbia. Mashine itafute K, Kh na H kama herufi moja, ilete orodha, kisha mtu aulize: mdogo wako anaitwa nani? Mlikaa karibu na nani?

Na kabla mama hajaweka kidole, karani amsomee jina kwa sauti. Akisita, waandike upya mbele yake.