Barua kwa Mwalimu

Wazazi wa Luberizi, mtoto arudipo shuleni baada ya malaria, mpeni barua. Kuandika «alikuwa mgonjwa» tu hakumsaidii mwalimu. Twapendekeza hivi:

«Bwana Mwalimu, salamu. Mwana wetu wa darasa la tano hakufika tangu Jumatatu hata Alhamisi. Alipimwa kituo cha afya, akaonekana ana malaria. Dawa za siku 3 amekwisha kuzimaliza, ila angali mchovu. Twaomba kujua: mlifundisha nini katika hesabu na Kifaransa? Aazime daftari la nani? Jaribio alilokosa atalifanya lini?»

Jibu likija, aanze na hesabu: asiyefahamu sehemu hataweza asilimia. Tena anakili somo moja kila jioni, akijaribu zoezi lake. Kunakili yote usiku mmoja huchosha mkono, wala hakufundishi akili.